Daktari, "Maumivu ya Tumbo" Si Swali

Niseme moja kwa moja ndio tusimalizane bando. Ile fomu daktari hukuandikia ukiambiwa uende eksirei ama altrasaundi si risiti ya malipo. Ni barua. Inatoka kwa mtu aliyekusikiliza na kukugusa tumbo, inaenda kwa mtu ambaye pengine hatawahi kuona uso wako. Na barua nyingi zinazoandikwa huku kwetu, kutoka Maseno mpaka Kisumu mjini, zingekuwa meseji za WhatsApp ungezijibu na alama ya kuuliza tu.

Nimezisoma mwenyewe. Baada ya kuacha kampasi nilifanya kazi miezi saba kwa kituo kimoja cha picha, jina tuliache. Kazi yangu ilikuwa kuingiza fomu kwa kompyuta: jina, umri, namba ya simu, picha inayotakiwa, halafu lile sanduku la mwisho linaloitwa historia ya mgonjwa. Hilo sanduku ndilo kubwa kuliko yote kwa fomu, na ndilo lilikuwa linanichukua muda mfupi zaidi, kwa sababu siku nyingi lilikuwa na neno moja. "Maumivu." "Kikohozi." "Ajali." Siku zingine limeandikwa "angalia tafadhali". Sasa, mkubwa, angalia nini?

Najua kuna mtu ashaanza kuchapa hapo chini: wewe uliyeacha shule ndio unafunza daktari kazi? Tulia kwanza. Sifunzi mtu kusoma picha. Nataka daktari aandike swali lake, kwa sababu swali analo. Alilisema kwa kichwa chake akiwa amekushika tumbo. Shida ni kwamba linabaki hapo kwa kichwa na mgonjwa anatumwa na karatasi tupu.

Kwa wale hawajui mpangilio, uko hivi. Kuna daktari ama tabibu anayekuona. Kuna mtu anayepiga picha: radiografa kwa eksirei na skani, sonografa kwa altrasaundi. Halafu kuna radiolojisti, daktari aliyesomea kusoma picha. Radiolojisti ni wachache Kenya na wengi wako miji mikubwa, kwa hivyo unaweza kupigwa skani huku na isomwe na mtu aliye Nairobi kwa mtandao. Huyo mtu wa Nairobi ana nini mkononi? Ana picha, ana umri wako, anajua kama wewe ni mwanamke ama mwanaume, na ana hilo sanduku. Basi. Hawezi kukuuliza "uchungu ulianza lini?" Sanduku likiwa tupu, anasoma picha ya mwili usio na stori.

Na watu hudhani picha ni picha, ati ugonjwa ukiwa ndani utaonekana tu. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hiyo imani inaweza kuua mtu. Wacha nikupe kesi. Nimemtunga huyu dada, lakini kila kitu kinachompata kiko kwa vitabu vya udaktari.

Ana miaka 21, anakaa hosteli hapa Maseno. Ameumwa na tumbo siku mbili, chini upande wa kulia. Anaingia kliniki. Daktari anamwuliza vizuri kabisa. Hedhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa wiki sita na nusu zilizopita. Juzi aliona damu kidogo, akadhani ndiyo hedhi imekuja imechelewa. Asubuhi akisimama aliona kizunguzungu. Daktari anampima mkojo, kipimo cha mimba kinatoka chanya. Anamgusa tumbo, upande wa kulia chini anaruka kwa uchungu. Mpaka hapo, kazi safi. Halafu daktari anachukua fomu na kuandika: "Altrasaundi ya tumbo. Maumivu ya tumbo."

Twende naye kwa chumba cha altrasaundi. Sonografa anasoma "tumbo", anaanza juu. Ini liko sawa, nyongo iko sawa, figo mbili ziko sawa, bandama iko sawa. Anashuka chini kuona mfuko wa uzazi kwa kupitia juu ya tumbo. Ili uone vizuri kwa njia hiyo, kibofu kinafaa kiwe kimejaa mkojo, kwa sababu mkojo hufanya kama dirisha. Lakini huyu dada aliambiwa tu "nenda altrasaundi", na sampuli yake ya mkojo alitoa dakika ishirini zilizopita. Kibofu ni tupu. Picha ni ya ukungu. Anaona mambo matatu: mfuko wa uzazi hauna kitu ndani, kuna kauvimbe ka sentimita mbili karibu na ovari ya kulia, na kuna maji kidogo nyuma ya mfuko wa uzazi.

Ripoti inatoka: "Mfuko wa uzazi ni wa kawaida. Sisti ndogo upande wa ovari ya kulia. Maji kidogo, huenda ni ya kupevuka kwa yai. Mengine yote ni sawa."

Na hii ndiyo sehemu inaniuma: hiyo ripoti si ya uongo. Kwa msichana wa miaka 21 ambaye huambiwi kitu kingine chochote, kila sentensi ni sahihi. Mfuko wa uzazi wa mtu asiye na mimba unafaa kuwa mtupu. Kila mwezi ovari hutengeneza kauvimbe yai linapopevuka na kutoka. Maji kidogo nyuma ya mfuko wa uzazi ni kawaida kwa wanawake wengi wakati huo wa mwezi. Aliyesoma picha hakukosea picha. Alijibu swali aliloulizwa, na hakuulizwa swali lolote.

Sasa rudisha fomu nyuma uongeze mstari mmoja: "Kipimo cha mimba chanya, hedhi ya mwisho wiki sita na nusu zilizopita." Picha ni ile ile, hakuna nukta imebadilika. Lakini soma tena.

Mfuko wa uzazi mtupu sasa ni kengele. Kwa altrasaundi ya ndani, ile ambayo kifaa huingizwa ukeni, kifuko cha mimba kwa kawaida huanza kuonekana kama wiki ya tano. Kwa wiki sita na nusu kinafaa kiwe hapo. Kama hakipo, kuna njia tatu tu: tarehe zilihesabiwa vibaya na mimba bado ni changa sana, ama mimba imetoka, ama mimba imekaa mahali pengine. Mara nyingi hapo "mahali pengine" ni kwa mrija wa uzazi, ambao haukuumbwa kubeba mtoto. Mimba ikikua, mrija unaweza kupasuka, na mtu anavuja damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje.

Kale kauvimbe nako kanabadilika. Sonografa akijua, hatapima tu sentimita na kuendelea. Anachukua kifaa cha ndani, na hapo kibofu tupu ndicho kinachotakiwa, anasukuma polepole na kuangalia: kauvimbe kanatembea pamoja na ovari, ama kanateleza peke yake? Kakienda na ovari, huenda ni kale ka kila mwezi. Kakiteleza kando na ovari, kuna uwezekano mkubwa ni mimba kwa mrija.

Na maji? Atauliza kama ni maji safi meusi kwa picha ama yana mawingu mawingu ndani, kwa sababu damu huonekana na mawingu. Halafu atarudi juu, kati ya ini na figo ya kulia, kuona kama yamefika huko. Yakifika huko, damu imemwagika nyingi, na huyo dada anahitaji thieta wala si panadol.

Omera, ona hapo vizuri. Vitu vitatu vilivyokuwa "kawaida" vimekuwa vitatu vya hatari, na kilichobadilika ni mstari mmoja wa biro. Mashine ni ile ile, sonografa ni yule yule, pesa ni zile zile.

Ndio maana nasema "maumivu ya tumbo" si swali. Hata ugonjwa si. Ni mahali. Ni kama kumpigia fundi wa stima umwambie "nyumba" halafu ukate simu.

Basi daktari aandike nini? Nimewauliza watu wanaofanya hii kazi, na kila mmoja alinipa karibu kitu kimoja. Ni mistari minne.

Mstari wa kwanza: nini kimetokea, wapi, na tangu lini. Upande ni lazima. "Chini kulia, siku mbili, ulianza ghafla" inamwambia msomaji picha aweke jicho wapi. Kitu cha siku mbili na kitu cha miaka miwili havifanani hata vikiwa mahali pamoja.

Mstari wa pili: umepata nini ulipompima. Hapa ndipo matokeo ya maabara yanaingia, na hedhi ya mwisho kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa. Hapa pia unaweka kilichotolewa ama kufanywa zamani. Kama mgonjwa alitolewa apendiksi 2019, sema, ndio mtu asitumie dakika kumi kuitafuta. Kama ana picha za zamani, sema ziko wapi, kwa sababu kivuli kilichokuwa hapo miaka mitano bila kukua ni stori tofauti na kivuli kipya.

Mstari wa tatu: unaogopa nini. Yataje magonjwa mawili matatu, la hatari zaidi likianza. Hapa kuna madaktari huona aibu, ati wakiandika "naogopa mimba nje ya mfuko wa uzazi, ama apendiksi" na isipatikane wataonekana hawajui. Hapana bwana. Ile alama ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Na kila jina unalotaja linabadilisha namna picha inavyopigwa. Ukitaja apendiksi, sonografa anabadilisha kifaa, anachukua kile cha kuona vitu vya karibu na ngozi, na anabonyeza taratibu mahali penyewe panapouma. Usipotaja, hiyo haifanyiki, na ukimya wa ripoti unasomwa kama "apendiksi iko sawa" wakati hakuna mtu aliitafuta.

Mstari wa nne ndio karibu hakuna mtu huandika: jibu litabadilisha nini. "Ikiwa ni mimba nje ya mfuko, ninampeleka thieta leo." Ukisoma hiyo unajua ripoti haiwezi kungoja kesho, na unajua sentensi gani inafaa iwe ya kwanza.

Halafu jina linalosomeka na namba ya simu. Hii inaonekana ndogo mpaka siku mtu amepata damu tumboni mwa mgonjwa na anatafuta nani wa kupigia, na kwa fomu kuna mchoro tu kama nyoka aliyekanyagwa. Kama picha ni ya mionzi, yaani eksirei ama skani, andika pia kama kuna uwezekano wa mimba. Kama ni skani ya kudungwa dawa ya rangi, andika figo zinafanya kazi aje na kama dawa hiyo iliwahi kumdhuru.

Sasa tuijaze ya yule dada:

"Mwanamke, miaka 21. Maumivu chini kulia siku mbili, yalianza ghafla, kizunguzungu leo, damu kidogo juzi. Hedhi ya mwisho wiki sita na nusu zilizopita, kipimo cha mimba cha mkojo chanya. Anaumia akiguswa chini kulia. Hajawahi kupasuliwa. Je, mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi? Je, kuna damu tumboni? Kama mfuko una mimba, tafadhali angalia apendiksi. Ikiwa ni nje, anaenda thieta leo. Nipigie simu mara moja."

Hesabu. Hayo ni maneno kama sitini na kitu. Hakuna neno hata moja hapo ambalo daktari hakuwa nalo tayari.

Na nisiwadanganye, fomu nzuri haifanyi miujiza. Kuna siku mfuko uko mtupu, pembeni hakuna kitu kinaonekana, na kipimo ni chanya. Hapo ripoti ya kweli husema mimba haijulikani iko wapi, na dada anapimwa homoni ya mimba kwa damu leo na tena baada ya saa 48 ndio waone inapanda ama inashuka. Apendiksi nayo inaweza kujificha nyuma ya gesi isionekane kabisa, na "haikuonekana" si sawa na "ni nzima". Lakini hata huo mpaka unaandikwa vizuri tu kama aliyeandika alijua alichokuwa anatafuta.

Twende ziwani kidogo, kwa sababu kuna kitu cha huku kwetu ambacho daktari wa mbali hawezi kukikisia. Chukua mwanaume wa miaka 34 kutoka Dunga. Ametapika damu mara mbili wiki hii. Fomu inasema: "Altrasaundi ya tumbo. Vidonda vya tumbo?" Angalau kuna alama ya kuuliza, tushukuru. Lakini vidonda vya tumbo havitafutwi na altrasaundi, vinatafutwa na kamera inayoshushwa kooni. Swali limetumwa kwa ofisi isiyo yake. Altrasaundi itasema haikuona kidonda, na itakuwa kweli, na haitakuwa imesaidia.

Sasa jaribu hii: "Mvuvi, yuko majini tangu utotoni. Ametapika damu mara mbili. Bandama inaguswa chini ya mbavu kushoto. Hanywi pombe. Je, kichocho kimeumiza ini na mishipa yake?" Kichocho cha Ziwa Viktoria ni kile cha utumbo, Skistosoma mansoni. Mayai yake husafirishwa na damu mpaka kwa ini, yanakwama huko, na kwa miaka mingi yanaacha makovu kuzunguka mishipa inayoleta damu kwa ini. Damu ikikosa njia, presha inapanda nyuma yake. Bandama inavimba. Damu inatafuta vichochoro vingine, na kimoja ni mishipa ya koo la chakula, ambayo inafura na siku moja inapasuka. Huyo ndiye anatapika damu.

Mwenye altrasaundi akiulizwa hilo, anajua cha kupima: unene wa kuta za mishipa ndani ya ini, upana wa mshipa mkuu unaoingia, urefu wa bandama, na kama kuna mishipa ya vichochoro. Kuna hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2000, unaoitwa wa Niamey, wenye picha za mfano za kulinganisha ini la kichocho. Asipoulizwa, radiolojisti wa mbali anaweza kuona ini lenye makovu na kuandika la kawaida analoliona kila siku huko aliko: ini la pombe ama la virusi. Mgonjwa anarudi Dunga akiambiwa aache pombe ambayo hanywi.

Kwa hivyo "kazi yake ni gani" na "anakaa wapi" si maswali ya umbea. Watafiti wa KEMRI walifuatilia waosha magari wa hapa Kisumu kwa miaka, wale wanaosimama ndani ya ziwa siku nzima, kwa sababu ile kazi huwarudishia kichocho tena na tena hata baada ya dawa. Matokeo yalichapishwa 2002 kwa jarida la Lancet. Yaani dunia nzima ya wanasayansi inajua kuosha gari Kisumu ni historia ya ugonjwa, halafu fomu ya hapa hapa inasema "maumivu".

Sasa nijibu wale wa kupinga, kwa sababu wako na hoja na si za kupuuza.

Wa kwanza wanasema: ukimwambia radiolojisti unachoshuku, utamharibu macho, ataona kile umemwambia. Hii ni hoja ya maana. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake kule Marekani walichapisha jaribio moja la ajabu. Waliwapa radiolojisti 24 skani za mapafu watafute vinundu vidogo vya saratani, na ndani ya picha wakaweka picha ya sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Ishirini kati ya 24 hawakumwona sokwe. Vifaa vilivyofuatilia macho vilionyesha wengi wao walimtazama moja kwa moja.

Watu husoma hiyo wakasema, ona, swali hupofusha. Mimi naisoma hivi: jicho la binadamu halifanyi kazi bila swali. Lazima litafute kitu. Ukinyima radiolojisti swali lako, hatabaki bila swali, atajitungia lake. Na ushahidi uko upande huu. Mwaka 2004 Loy na Irwig walikusanya tafiti zilizolinganisha kusoma vipimo ukiwa na taarifa za mgonjwa na ukiwa bila, wakachapisha kwa jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kwa jumla, taarifa zilisaidia wasomaji kupata magonjwa zaidi, bila kuongeza sana kuona yasiyokuwepo.

Ila sokwe ana somo moja na tulichukue: andika ulichokiona tofauti na unachoshuku. "Amekohoa wiki tatu na kupungua kilo, nashuku tibii" ni sawa. "Mgonjwa wa tibii" wakati bado hujapima makohozi ni kumfungia mwenzako mlango. Ya kwanza inamwachia nafasi ya kukwambia hapana.

Wa pili wanasema: mgonjwa hubeba hiyo fomu mkononi, inasomwa na kila mtu kwa foleni, na wewe unataka niandike hali yake ya virusi hapo? Hapa nawasikia kabisa. Huku Nyanza hakuna familia haijui hiyo aibu inavyofanya kazi. Lakini hali hiyo hubadilisha picha ya kifua. Tibii ya mtu mwenye kinga nzuri mara nyingi huonekana juu ya mapafu na inaweza kutoboa mashimo. Kinga ikishuka sana, mashimo yanaweza kukosekana, ugonjwa ukakaa chini, ama tezi za kati zikavimba, ama eksirei ikaonekana safi kabisa na tibii iko. Msomaji asiyejua kinga iko aje anaweza kuandika "mapafu safi" na mtu akarudi nyumbani kuambukiza chumba kizima. Kwa hivyo jibu si kuficha. Weka fomu kwa bahasha, ufunge. Ama tuma kwa kompyuta. Bahasha ni shilingi ngapi?

Wa tatu ndio wengi: hakuna muda, kuna watu 80 kwa foleni. Naelewa, na simlaumu tabibu aliye peke yake zamu nzima. Lakini maneno sitini ni dakika chache tu. Fomu tupu inakula muda zaidi, ila ni muda wa watu wengine: sonografa anayezunguka tumbo lote akitafuta asichojua, mgonjwa anayerudishwa kupiga picha ya pili na nauli ya pili, na daktari huyo huyo akikaa na ripoti isiyomwambia kitu. Kama shida ni muda kweli, vituo vibadilishe fomu. Toa lile sanduku tupu, weka mistari minne yenye majina, na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa nafasi ya hedhi ya mwisho na kipimo cha mimba isipojazwa, mapokezi warudishe. Tunarudisha watu kwa kukosa kopi ya kitambulisho. Tunaweza kurudisha kwa hii.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa mat ya kwenda Luanda, una kazi pia. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako na vipimo unavyofanyiwa. Kwa hivyo ukipewa fomu, isome hapo hapo kabla hujatoka. Halafu uliza kwa adabu: "Daktari, unataka hii picha ikujibu nini?" Akikujibu, mwambie, "Naomba uliandike hapa." Muulize pia kama uende na kibofu kimejaa ama bila kula, kwa sababu inategemea anachotafuta. Ukifika kwa chumba cha picha, sema mwenyewe yale hayajaandikwa: panapouma, tangu lini, hedhi ya mwisho, ulichopasuliwa, kama unaingia ziwani.

Kuna daktari atakasirika. Sawa tu. Anayejua anachotafuta atachukua sekunde tano na kuandika. Na asiyejua anachotafuta, bado anaagiza picha ya nini?